Salio hasi: kwa nini fedha za "kufungua" akaunti hazifungui kitu

*Nilipewa kazi ya kulaiki video kupitia WhatsApp, kisha nikahamishiwa Telegram. Wamenilipa mara tatu: dola 4, dola 26 na dola 65, na zote zilinifikia. Mimi niliweka 20, kisha 50, na mara ya mwisho 150. Sasa tovuti yao inaonyesha salio langu ni -318, na wanasema nikiziweka hizo 318 nitatoa 647 papo hapo. Wenzangu wawili kikundini wanalalamika kwamba fedha zao zimekwama kwa sababu yangu. Je, niweke hizi za mwisho, nitoe zote, kisha nisirudi tena?*

Usiweke, hata senti moja. Ninalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu najua unapewa muda mfupi wa kuamua, na pengine kuna saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wao wakati unasoma haya. Saa hiyo haina nguvu yoyote juu yako. Ikiisha, kitakachobadilika ni maneno tu kwenye skrini.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotuliza moyo. Umetoa mfukoni dola 220 na umepokea dola 95, kwa hiyo hasara yako hadi leo ni dola 125. Hiyo ndiyo namba pekee ya kweli katika jambo hili lote. Zile 647 hujazipoteza, kwa kuwa hazijawahi kuwapo, na deni la 318 hudaiwi na mtu yeyote. Ukizilipa hizo 318, hasara yako itapanda kutoka 125 hadi 443, na salio lililoandikwa kwenye tovuti litakuwa limeongezeka kwa sababu mtu fulani ameliongeza.

Sasa tuone lile salio hasi lilivyotengenezwa, kwa sababu ukilielewa hilo hutahitaji kumwamini mtu, hata mimi. Katika picha za skrini ulizonitumia, uliingia kwenye fungu la kazi tatu ukiwa na dola 150. Kila kazi wanaiita oda, na ina bei inayokatwa kwenye salio lako, kisha hurudi pamoja na kamisheni ukiikamilisha. Oda ya kwanza ilikuwa ya dola 90, ukaikamilisha, ukaongezewa kamisheni ya dola 9 na salio likawa 159. Oda ya pili ilikuwa ya dola 140 na kamisheni ya dola 21, salio likafika 180. Hadi hapo kila oda ilikuwa ndogo kuliko salio ulilokuwa nalo, na kila ulipobonyeza uliona fedha zikiongezeka. Kisha ikaja oda ya tatu, wanayoiita oda ya mchanganyiko au oda ya bahati, ya dola 498, yenye kamisheni nono ya asilimia 30. Mfumo haukukuuliza kama unaimudu. Ulitoa 498 kwenye 180 na kukuachia -318, kisha ukafunga kitufe cha kutoa fedha hadi fungu lote likamilike. Hizo 647 unazoahidiwa ni 498 za oda yenyewe pamoja na kamisheni ya dola 149.

Oda hiyo haikuja kwa bahati. Kwenye tovuti za namna hii kuna ukurasa wa pili ambao wewe huuoni, wa msimamizi, na humo kila mteja ana mstari wake: ameweka kiasi gani, amefika oda ya ngapi, ameongea na nani mara ya mwisho. Msimamizi hupanga oda kubwa itokee kwenye hatua fulani na iwe ya bei gani, na bei hiyo huipima kwa kuangalia umeweka nini na umejieleza vipi kwenye mazungumzo. Ukiwa umewahi kumwambia mhudumu wako, yule anayekuandikia Telegram na kukupa maelekezo, kwamba una akiba fulani, au kwamba mshahara unaingia wiki ijayo, maneno hayo yamefika kwa anayepanga bei. Ndiyo maana watu wengi huniambia kwamba kiasi walichodaiwa kilikuwa "kikubwa, lakini bado ninakiweza". Kilipangwa kiwe hivyo.

Tuseme sasa umeweka hizo 318. Salio litapanda hadi 647, na kwa dakika chache utaona kwamba walisema kweli. Utakapobonyeza kitufe cha kutoa, utaambiwa kwamba umebakiza oda moja katika fungu lako, nayo itakuwa, kwa mfano, ya dola 1,500. Salio lako litakuwa karibu -853. Angalia jinsi hatua zinavyokua: 150, kisha 318, kisha 853, kila moja ikizidi mara mbili ya iliyotangulia. Na utakapofikiria kuacha, hutakuwa unaacha dola 125 tena. Akilini mwako utakuwa unaacha 647 pamoja na ile kamisheni mpya. Hapo ndipo mtego unapobana kuliko ahadi yoyote ya utajiri: mtu halipi tena kwa tamaa ya faida, analipa ili aokoe alichokwisha kuweka.

Mlolongo huo ukikuchosha ukakataa oda nyingine, sababu hubadilika lakini dai hubaki lile lile. Utaambiwa kwamba alama zako za uaminifu zimeshuka hadi 80 kwa kuchelewa na kila alama ina bei ya kuirudisha, au kwamba kuna kodi ya kulipa kabla ya fedha kutoka, au kwamba umeandika vibaya namba ya akaunti na sasa ni lazima uweke dhamana. Kuna swali moja linalozipima sababu hizi zote, nalo ni hili: kwa nini ada hiyo haikatwi kwenye salio langu lililopo? Mahali ambapo fedha zipo kweli, ada hukatwa humo humo na mteja hupokea kinachobaki. Hawa watakujibu kwamba kanuni ya mfumo hairuhusu, kwa sababu hawawezi kukata kitu kisichokuwapo. Usiende kuwauliza swali hilo ili ubishane nao, kwani wana majibu tayari kwa kila hoja. Jiulize mwenyewe.

Najua linalokusumbua zaidi ni kwamba walikulipa, tena mara tatu, na matapeli hawalipi. Ndugu yangu, hawa hulipa, na kulipa huko ndiko kazi yao ya kwanza. Zile dola 4 za mwanzo hazikununua laiki zako. YouTube haimlipi mtazamaji kwa kupenda video, na hukataza laiki za kununuliwa, kwa hiyo hakuna mwenye biashara halali anayekuajiri kwa kazi hiyo. Ulichokuwa unafundishwa ni mwenendo: kupokea maelekezo, kuyatekeleza haraka, kutuma picha ya skrini na kupokea fedha. Baada ya siku mbili tatu mwili wenyewe unazoea kwamba ujumbe wa mhudumu ukija, fedha hufuata. Kisha ulipoweka 20 ukarudishiwa 26, na 50 ukarudishiwa 65, ulithibitishiwa jambo moja tu, kwamba kiasi kidogo hurudi. Faida yako halisi katika hatua zote hizo ilikuwa dola 25. Wao walizitumia kama chambo, na kwa 150 ulizoweka baadaye zimesharudi mara 6.

Fungua sasa hivi kumbukumbu za miamala yako uangalie jambo ambalo mara nyingi halionekani hadi mtu alitafute. Zile malipo tatu zilitoka kwa nani? Katika karibu kila tukio nililokaa na mtu tukalipitia, fedha zilizoingia zilitoka kwa majina ya watu binafsi, tofauti kila mara, na fedha alizotuma zilikwenda kwa majina mengine ya watu binafsi, nayo tofauti kila mara. Jina la kampuni inayodai kumwajiri halionekani kwenye muamala hata mmoja. Biashara yenye akaunti moja ya kudumu haihitaji kukupa namba mpya ya kuweka fedha kila siku. Akaunti zile ni za kupitishia, nyingine zimekodishwa, nyingine ni za watu ambao nao wametapeliwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba zile dola 65 zilizokufurahisha zilikuwa amana ya mtu mwingine aliye mahali ulipo wewe leo. Silisemi ili kukutia hatia. Nalisema kwa sababu ni sehemu ya maelezo unayopaswa kuyatoa kwa benki yako mapema, kabla mwingine hajalalamika na jina lako likaonekana upande wa waliopokea. Na wakikuomba upokee fedha kwenye akaunti yako kisha uzitume mbele ili "kupunguza deni", kataa bila kufikiri mara mbili, kwani hapo ungekuwa umehama kutoka kutapeliwa hadi kutakatisha fedha.

Tuje kwa wenzako wawili, ambao naona ndio wanaokuumiza zaidi. Umewekwa kwenye kikundi kidogo, watu watatu na mtu wao anayewaelekeza, wanayemwita mwalimu, na mmeambiwa kwamba oda ni ya pamoja: mmoja akishindwa kuikamilisha, fedha za wote hufungwa. Mmoja ameshakuandikia pembeni kwamba amekopa ada ya shule ya mwanawe na anakusihi usimwangushe. Hii ni sehemu katili kuliko zote katika utapeli huu, kwa sababu haikamati tamaa ya mtu, inakamata utu wake. Mtu ambaye angekubali kupoteza fedha zake mwenyewe akaondoka, hulipa ili asimdhulumu mwenzake.

Hao wenzako hawakuweka kitu. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyekuwa na uhakika kabisa kuhusu wenzake, tukakuza picha za skrini walizotuma kikundini kuthibitisha kwamba wamelipa. Majina mawili tofauti, picha mbili tofauti, zimetumwa kwa kupishana dakika 3. Juu kabisa pembeni, kwenye zote mbili, betri ilikuwa asilimia 61, saa ilikuwa ile ile, na alama ya mtandao ilikuwa ile ile. Simu moja ilikuwa imepiga picha za watu wawili. Mama yule hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hata yule mwenzake aliyemwambia ana mtoto mgonjwa alikuwa wa uongo. Kagua picha za wenzako kwa jicho hilo, lakini usipokuta kosa usihesabu kwamba ni uthibitisho, kwani si wote wazembe. Dalili ya kudumu ni mpangilio wenyewe: watu hao hulipa kwa wakati sikuzote, hushukuru kwa maneno yanayofanana, na wote wanakutegemea wewe tu.

Wanaoandika ujumbe huo, kwa sehemu kubwa, hufanya hivyo kwa zamu na kwa maandishi waliyopewa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na karibu 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa katika mazingira yanayowalazimisha kufanya utapeli wa mtandaoni wa aina mbalimbali. Sijui aliyekuandikia yuko wapi, lakini usishangae ukikuta upole wake wa jana umepotea leo, kwa maana huenda anayeshika simu si yule yule. Na kama aibu inakuzuia kusimulia, fahamu kwamba Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani haikupokea lalamiko lolote la utapeli huu mwaka 2020, ikapokea 5,000 mwaka 2023, na karibu 20,000 katika nusu ya kwanza tu ya mwaka 2024. Hayo ni ya nchi moja, na ni ya waliojitokeza kusema.

Sasa hatua za leo, na mpangilio wake una maana. Kabla ya kuwaambia kwamba umegundua, na kabla ya kutoka kikundini, hifadhi kila kitu. Telegram humruhusu mtu kufuta mazungumzo ya faragha kwa pande zote mbili, kwa hiyo ukiwakaripia kwanza unaweza kuamka kesho ukakuta ukurasa mtupu. Piga picha za skrini za mazungumzo yote tangu ujumbe wa kwanza wa WhatsApp, na namba iliyoutuma ionekane. Fungua wasifu wa kila mhudumu na uandike jina lake linaloanza na alama ya @, kwa kuwa jina la kuonekana hubadilishwa wakati wowote. Andika anwani kamili ya tovuti kama inavyosomeka kwenye kivinjari, si jina la kampuni wanalojiita, maana mara nyingi jina hilo limeibwa kwa kampuni halisi isiyohusika. Ukiwa na kompyuta, programu ya Telegram ya mezani inaweza kuhamisha historia yote ya mazungumzo kuwa faili, na faili hilo ni bora kuliko picha mia.

Ukimaliza, na ufanye hivyo ndani ya saa moja, wasiliana na benki au kampuni ya pesa za simu uliyotumia kwa ile 150. Sema waziwazi kwamba umetapeliwa. Watu wengi, kwa haya, husema kwamba wamekosea namba, na hapo ombi lao hushughulikiwa kama kosa la kawaida: mpokeaji huulizwa kama anakubali kurudisha, naye hukataa au huwa amekwisha kuzitoa. Ukisema ni utapeli, akaunti ya mpokeaji inaweza kuchunguzwa na kuzuiwa, na hata kama fedha zako zimeshapita, anayefuata baada yako huenda akaokoka. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko, uipeleke polisi pamoja na vielelezo vyako. Taja pia zile malipo tatu ulizopokea.

Kama sehemu ya fedha uliituma kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, jambo ni gumu zaidi lakini halijafungwa kabisa. Muamala huo haurudishwi na mtu yeyote kwa kubonyeza kitufe. Hata hivyo, kila uhamisho huacha alama ya wazi: anwani iliyopokea, ambayo kwenye mtandao wa Tron huanza na herufi T, na msimbo mrefu wa muamala. Vinakili vyote viwili kama vilivyo, herufi kwa herufi, kwa sababu navyo huwezekana kuona fedha zilikopelekwa. Zikifika kwenye soko la sarafu za kidijitali linalotambua wateja wake, polisi wanaweza kuomba zizuiwe, na Tether, inayotoa USDT, ina uwezo wa kugandisha anwani na imekuwa ikifanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya sheria. Kwa kiasi kama chako uwezekano wa kurudishiwa ni mdogo, na nisingekutendea haki kukwambia vinginevyo. Lakini anwani hiyo hiyo huenda imepokea fedha za watu wengi, na malalamiko yakikutana uzito hubadilika.

Kama walikupa programu ya kusakinisha nje ya duka rasmi la simu, yaani faili la APK, iondoe, kisha ubadilishe nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine. Kama uliwatumia picha ya kitambulisho ukiwa umekishika mkononi, iambie benki yako hilo pia, kwani picha hiyo inaweza kutumika kufungulia akaunti au mkopo kwa jina lako.

Ukishanyamaza, tarajia wageni wa aina mbili. Baada ya wiki chache atakuja mtu anayejiita mwanasheria, au mtaalamu wa kufuatilia fedha, akijua kiasi ulichopoteza na lini. Anajua kwa sababu orodha ya waliotapeliwa huuzwa, au kwa sababu ni wale wale. Ada yake ya kuanzia itakuwa ndogo, na utaona kwamba inafanana sana na ile 20 uliyoanza nayo.

Mgeni mwingine atakuja mapema zaidi, pengine usiku wa leo. Mhudumu wako, baada ya kuona hujibu, atakwambia kwamba amezungumza na mkuu wake, kwamba amekuonea huruma na amekuchangia dola 100 kutoka mfukoni mwake, hivyo unadaiwa 218 tu. Ukifungua tovuti utakuta ni kweli: salio limesogea kutoka -318 hadi -218. Wengi hulia wanapoliona hilo, kwa kudhani hatimaye wamempata mtu mwema. Aliyelisogeza salio ni yule yule msimamizi wa ule ukurasa wa pili usiouona, kwa kuandika namba nyingine mahali pa ile ya kwanza. Ipige picha, uiweke pamoja na vielelezo vingine, na usimjibu.